Tabaka thelathini na nane

Malalamiko ya kwanza yalikuja kwa upole. Dada mmoja wa uhasibu aliniambia mfumo "umekuwa mzito mzito asubuhi", ila ikifika alasiri unachangamka. Nikamjibu kama tunavyojibu sote tukiwa na kazi nyingine mkononi, kwamba nitaangalia. Sikuangalia. Wiki ya pili akarudi na mwenzake, na ripoti ya mwezi iliyokuwa ikichukua dakika nne sasa inachukua zaidi ya nusu saa. Hapo nikakaa chini.

Hifadhidata yao ni PostgreSQL ndani ya mashine pepe, nami naiita db1. Inaendeshwa na KVM juu ya seva moja ya kawaida yenye SSD mbili zilizopangwa kwa kioo, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Diski ya db1 ni faili ya qcow2 yenye ukubwa wa juu wa GB 300. Hakuna kigeni hapo. Mashine ilikuwa imekaa mwaka mzima bila kunisumbua, na ndiyo maana nilimshuku kila mtu kabla ya kujishuku mwenyewe.

Niliingia ndani ya db1 na kuendesha `iostat -x 5`. Safu ya `r_await`, muda ambao ombi la kusoma linasubiri mpaka lijibiwe, ilikuwa ikicheza kati ya milisekunde 15 na 25. Kwa SSD hiyo ni aibu. Nikafungua dirisha la pili, nikaingia kwenye haipavaiza yenyewe, yaani ile seva inayoibeba mashine pepe, nikaendesha amri ile ile. Huko diski halisi zilikuwa zinajibu kwa milisekunde 0.3 na hazikufika hata nusu ya uwezo wao.

Niliyatazama madirisha hayo mawili kwa muda. Mgeni analia njaa, mwenyeji sufuria imejaa. Muda ulikuwa unapotea katikati, baina ya pale mashine pepe inapotoa ombi na pale diski halisi inapolipokea, na katikati hapo yupo QEMU peke yake, programu inayoisomea na kuiandikia mashine pepe diski yake.

Kabla ya kwenda mbali nilifanya jaribio moja ambalo nalipenda kwa sababu halina ubishi. Niliunda faili mpya ya qcow2 ya GB 10 kwenye hifadhi ile ile, nikaichomeka db1 kama diski ya pili, nikaipima kwa `fio`. Ilisoma kwa chini ya milisekunde moja. Mashine ni ile ile, SSD ni zile zile, dakika ni ile ile. Kwa hiyo ubovu ulikuwa ndani ya faili ya diski ya kwanza, wala si kwenye vyuma.

Lakini nikiri pia kosa nililofanya kabla ya jaribio hilo. Nilikuwa nimeizima db1 na kuiwasha tena, kwa tabia tu. Ikarudi ikiwa mbaya zaidi kuliko ilivyokwenda, kwa karibu saa nzima. Wakati ule nilidhani ni bahati mbaya. Sababu yake nitaieleza mbele kidogo.

Amri mbili ndizo zilizofungua kesi:

```
virsh domblklist db1
qemu-img info -U --backing-chain /data/vm/db1.s38.qcow2 | grep -c '^image:'
```

Ya kwanza ilinionyesha kwamba `vda` haiandiki tena kwenye `db1.qcow2`. Ilikuwa inaandika kwenye faili inayoishia na `s38`. (Majina halisi yalikuwa na tarehe ndefu, nimeyafupisha.) Ya pili inahesabu faili zote za mnyororo, na herufi ile `-U` inahitajika kwa sababu mashine inakimbia na QEMU ameifunga faili yake kwa kufuli. Jibu lilikuwa 39. Faili moja ya msingi, na juu yake tabaka 38 za snapshoti.

Sikukumbuka kuchukua hata moja.

Nisimame hapa kidogo, maana wengi bado wanadhani snapshoti ni nakala. Katika aina hii hainakili chochote. Unapoichukua, faili uliyokuwa ukiandikia inagandishwa na kuwa ya kusomwa tu, kisha faili mpya tupu inawekwa juu yake. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye ile mpya. Ukichukua nyingine, ile mpya nayo inagandishwa na tupu nyingine inapandishwa juu. Ndiyo maana snapshoti inachukua sekunde moja hata kama diski ni kubwa kiasi gani: hakuna kazi iliyofanyika, kazi imeahirishwa. Na anayeilipia ni msomaji.

Chukua ombi moja la kusoma. Hifadhidata inataka ukurasa wa KB 8. QEMU anaanza na tabaka la juu kabisa na kuuliza: klasta hii unayo? Klasta ni kipande cha diski, kwa kawaida KB 64, na kila faili ya qcow2 ina majedwali yake yanayoonyesha klasta gani ipo ndani yake na iko wapi. Kama tabaka la juu halina, anashuka la 37 na kuuliza tena, kisha la 36, hivyo hivyo. Data ambayo haijaguswa tangu mnyororo uanze iko kwenye faili ya msingi, chini kabisa, na ili kuifikia lazima tabaka zote 38 zijibu "sina".

Kujibu "sina" ni haraka kama jedwali limo kwenye kumbukumbu. QEMU anatunza kache ya majedwali hayo, na kuanzia toleo la 3.1 kikomo chake cha kawaida kwenye Linux ni MB 32 kwa kila faili, inayotosha kufunika GB 256 za diski. Kwa faili moja hiyo ni nyingi. Tatizo ni kwamba kila tabaka lina majedwali yake na kache yake, na vipande visivyoguswa kwa dakika kumi vinatupwa ili kuokoa kumbukumbu. Jedwali likiwa halimo, lazima lisomwe kutoka diskini kwanza. Jedwali moja linafunika MB 512 za diski, na kwa kuwa hifadhidata huandika kwa kutawanya, karibu kila tabaka lilikuwa na jedwali lake kwa karibu kila eneo.

Sasa piga hesabu ya ombi linaloangukia eneo ambalo halijaguswa tangu asubuhi. Majedwali 39, kila moja ni safari ya milisekunde 0.3, na safari hizi hazifanyiki pamoja kwa sababu huwezi kumuuliza wa chini kabla wa juu hajajibu. Tayari zimefika milisekunde 12 kabla ya kusoma hata baiti moja ya data yenyewe. Huku nyuma kila safari ni fupi na diski halisi haijachoka, ndiyo maana upande wa haipavaiza kila kitu kilionekana shwari.

Hapo ndipo ripoti ya mwezi ilipoeleweka. Ripoti inasoma miamala ya zamani, na ya zamani ndiyo iliyo chini kabisa, tena ndiyo ambayo majedwali yake yamekwisha kutupwa. Na kule kuizima mashine na kuiwasha kulimuua QEMU na kache zake zote, akaanza upya akiwa hajui lolote. Kama ningewasha upya kutoka ndani ya db1 tu, bila kuizima, QEMU yule yule angebaki hai na kache zake zingebaki.

Malalamiko ya asubuhi yalikuwa na sababu yake pia, na hii ni ya upande wa kuandika. Kila tabaka jipya huanza likiwa tupu. Hifadhidata ikitaka kuandika KB 8 kwenye klasta ambayo tabaka la juu halina, QEMU hawezi kuweka KB 8 peke yake, maana klasta ni KB 64. Inambidi achukue KB 56 zilizobaki kutoka chini, popote zilipo, aziunganishe, ndipo aandike klasta nzima. Hilo hutokea mara moja tu kwa kila klasta, kwa hiyo kadiri siku inavyokwenda tabaka linajaa na maandishi yanakuwa mepesi. Halafu usiku snapshoti nyingine inachukuliwa na kesho kunaanza upya. Dada wa uhasibu alikuwa amenipa utambuzi kamili wa ugonjwa siku ya kwanza. Mimi ndiye sikusikia.

Basi nani alikuwa anachukua snapshoti kila usiku? Mimi. Au tuseme skripti yangu ya bekapu, niliyoiandika mwaka mmoja kabla na kuisahau kwenye `cron`. Mpango wake ulikuwa mzuri: saa nane usiku chukua snapshoti, faili ya msingi igande, inakili kwenye seva nyingine kwa utulivu, halafu lishushe tabaka la juu ndani ya faili ya msingi na ulifute. Tabaka linaishi kama dakika arobaini, linafikia GB 2 au 3, linakwisha. Mstari wa kushusha ulikuwa huu:

```
virsh blockcommit db1 vda --active --pivot \
  --bandwidth 50 --timeout 600 >/dev/null 2>&1 && rm -f "$TABAKA"
echo "bekapu imekamilika"
```

Niliutazama mstari huu na kuona haya. `--bandwidth 50` ni kikomo cha MB 50 kwa sekunde, nilikiweka ili kushusha kusisumbue mashine nyingine. `--timeout 600` inasema ikipita dakika kumi, acha. Zidisha: 50 mara 600 ni MB 30,000, yaani GB 29 na ushei. Nilikuwa nimeandika, bila kujua, kwamba usiku wowote tabaka likizidi GB 29 halitashuka kamwe.

Na usiku huo ulifika. Nilirudi kwenye tarehe za faili, nikaona tabaka la kwanza lina GB 46. Ulikuwa usiku ambao wahasibu walipakia kumbukumbu za miaka ya nyuma, na upakiaji ukaangukia katikati ya bekapu. Kushusha kukaanza, dakika kumi zikaisha, `virsh` ikasitisha kazi, ujumbe wa kosa ukaenda `/dev/null`, na mstari unaofuata ukatangaza kwa furaha kwamba bekapu imekamilika.

Kuanzia hapo ugonjwa ulijilisha wenyewe. Usiku uliofuata skripti ilichukua snapshoti nyingine juu ya ile, kisha ikajaribu kushusha. Kwa kuwa sikuitajia msingi, `blockcommit` inachukulia kwamba nataka kushusha mnyororo wote hadi chini kabisa. Sasa kuna zile GB 46 pamoja na za siku nzima, kama GB 10 nyingine. Dakika kumi haziwezi kutosha, na kesho yake hazitoshi zaidi. Usiku thelathini na nane mfululizo skripti ilifanya kazi ya dakika kumi ambayo haikupunguza kitu.

Kitu kimoja kiliniokoa, na sikukipanga. Kabla ya `rm` niliandika `&&`, si nukta na mkato. Kwa sababu hiyo kushusha kulipofeli, tabaka halikufutwa. Kama ningeandika `;` faili ingefutwa huku QEMU bado ameishikilia wazi, mashine ingeendelea kukimbia kana kwamba hakuna kitu, na siku nilipoizima ndiyo siku data yote ya wiki hizo ingeondoka nayo. Na kumbuka niliizima.

Mpaka hapo nilikuwa na tatizo la kasi. Kisha nikajiuliza swali lililoniondolea usingizi: skripti ilikuwa inanakili faili gani kila usiku?

Ilikuwa inanakili `db1.qcow2`. Jina nililiandika moja kwa moja ndani yake. Faili ya msingi, ambayo mashine haikuwa ikiiandikia tena tangu usiku ule. Ningefurahi kama zingekuwa nakala za zamani tu, walau zingewaka. Lakini kushusha kuliositishwa hakurudishi kilichokwisha andikwa. Kila usiku kazi ile ilianza mwanzo wa diski na kwenda mbele, ikimwaga klasta mpya ndani ya faili ya msingi, hadi dakika kumi ziishe. Kwa hiyo sehemu ya mwanzo ya faili ile ilikuwa ya jana, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya zaidi ya mwezi nyuma. Mnyororo mzima ulikuwa salama, kwa sababu tabaka za juu ndizo zinazosomwa kwanza na zinafunika mchanganyiko ule. Ila faili ya msingi peke yake ilikuwa nguo yenye mikono ya shati na mwili wa kanzu. Nilichukua nakala ya usiku uliotangulia nikaijaribu kwenye seva ya pembeni. Mfumo wa faili ulikataa kupanda bila kufanyiwa ukarabati, na baada ya ukarabati PostgreSQL ilikataa kuwaka.

Nilimwambia mkubwa wangu siku hiyo hiyo. Akaniuliza, "Kwa hiyo hatuna bekapu?" Nikamwambia, "Hatuna, mkuu. Tuna mnyororo tu." Akanyamaza kidogo. "Basi usiuguse mpaka tuwe nayo."

Alikuwa sahihi, ingawa maana yake ilikuwa kuurefusha mnyororo kabla ya kuufupisha. Nilichukua snapshoti moja zaidi kwa mkono, ya 39, ili tabaka la 38 nalo ligande. Tabaka lililoganda linaweza kusomwa na mtu mwingine bila hatari, na `qemu-img convert` inaposoma tabaka la juu hupitia mnyororo wote na kutoa faili moja iliyokamilika:

```
qemu-img convert -O qcow2 db1.s38.qcow2 /mnt/nje/db1-nzima.qcow2
```

Nakala hiyo nilielekeza kwenye hifadhi ya nje, si kwenye seva ile ile. Ilichukua saa kadhaa. Nikaijaribu pembeni, ikawaka, hifadhidata ikafunguka. Juu yake nikachukua pia `pg_dump` kutoka ndani ya mashine, kwa sababu imani yangu kwa faili za diski wiki hiyo ilikuwa ndogo.

Ndipo ukaja wakati wa kushusha, na hapo kuna jambo la nafasi ambalo watu hulisahau. Tabaka zote pamoja zilikuwa kama GB 410, faili ya msingi ilikuwa GB 190, na nafasi iliyobaki kwenye hifadhi ilikuwa GB 70. Ukishusha mnyororo wote kwa mkupuo, kila klasta inaandikwa mara moja tu, toleo lake la mwisho, na hilo ni jema. Lakini faili ya msingi inaweza kukua hadi karibu GB 300 kabla hujafuta tabaka hata moja. Ukuaji wa GB 110 ndani ya nafasi ya GB 70 ni mashine kusimama katikati ya kazi. Njia ya pili ni kuanzia chini, tabaka moja moja. Klasta ile ile inaweza kuandikwa mara nyingi, kwa hiyo kazi ni kubwa zaidi, ila kila tabaka likishashuka unalifuta na nafasi inarudi. Nilichagua ya pili.

```
virsh blockcommit db1 vda --base /data/vm/db1.qcow2 \
  --top /data/vm/db1.s01.qcow2 --bandwidth 80 --wait --verbose
```

Hapa hakuna `--active` wala `--pivot`, maana tabaka la katikati haliandikiwi na mtu. Kazi ikiisha, tabaka la pili linaelekezwa upya moja kwa moja kwenye faili ya msingi, na la kwanza linabaki yatima. Baada ya kila hatua niliendesha tena `qemu-img info` na kuhakikisha kwa macho kwamba `s01` haionekani popote kwenye mnyororo, ndipo nikalifuta. Kufuta faili ya katikati ambayo bado imo ni kukata mti ulioukalia, na hakuna amri inayoirudisha.

Lile la kwanza, lenye GB 46, lilichukua karibu dakika kumi. Dakika kumi zile zile. Zilizofuata zilikuwa za dakika mbili mbili. Nilianza saa tatu usiku, na kila nilipofuta faili nilitazama `r_await` ndani ya db1: kwenye tabaka 30 ilikuwa 14, kwenye 20 ikawa 9, kwenye 10 ikawa 4. Sijawahi kuona chati iliyonyooka namna ile kazini. Tabaka la mwisho, lile la 39 lililokuwa likiandikiwa, ndilo lililohitaji `--active --pivot`, na baada yake `domblklist` ikaonyesha jina ambalo halikuwa limeonekana pale kwa zaidi ya mwezi: `/data/vm/db1.qcow2`. Kusoma kukatulia kwenye milisekunde 0.5.

Kwa wanaotumia VMware, mnyororo kama huu usingefika mbali hivyo. Kule kikomo ni snapshoti 32, na wenyewe wanashauri mbili au tatu, na moja isikae zaidi ya saa 72. Kwenye KVM hakuna aliyenishika mkono.

Skripti niliibadilisha. Kikomo cha muda nimekiondoa. Afadhali kushusha kuchukue saa mbili kuliko kusitishwa. Matokeo ya `blockcommit` yanakwenda kwenye barua pepe, si `/dev/null`. Kabla ya kuchukua snapshoti, skripti inahesabu mnyororo kwanza, na ikikuta zaidi ya faili moja inakataa kuendelea na kunipigia kelele. Na kila Jumapili nakala ya usiku inawashwa pembeni na hifadhidata inaulizwa muamala wake wa mwisho ni wa tarehe gani.

Wiki ya tatu kelele hiyo ilinipigia saa nane usiku. Faili mbili. Nikaamka, nikafungua kompyuta kitandani, nikakuta mwenzangu wa zamu amechukua snapshoti jioni kabla ya kusasisha PostgreSQL, akasahau kuishusha. Ilikuwa na GB 1.2. Niliishusha kwa sekunde zisizofika thelathini, nikamtumia ujumbe: "Kaka, ile yako nimeishusha." Akajibu papo hapo, kumbe naye yuko macho: "Ipi?"